Usifunge Mguu: Tulivyoandika Kipeperushi cha Kuumwa na Nyoka Huku Kasese

Kipeperushi chetu ni karatasi moja tu, imekunjwa mara mbili ili iingie mfukoni mwa shati. Upande mmoja ni Kikonzo, upande wa pili Kiswahili. Huku Kasese, magharibi mwa Uganda, hasa ukishuka kuelekea soko la mpakani la Mpondwe, nyumba moja inaweza kuwa na Mkonzo, Mtooro na shemeji kutoka Beni kule Kongo, na lugha inayowakutanisha wote ni Kiswahili. Walioomba kiandikwe ni kikundi cha akina mama wanaolima pamba na mahindi kwenye tambarare zinazopakana na Hifadhi ya Queen Elizabeth. Nyoka wanawajua, hawakuhitaji kuambiwa kwamba ni hatari. Mimi ni muuguzi, basi nikakabidhiwa kalamu.

Sentensi iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ni ya kwanza kabisa: usifunge mguu wala mkono kwa kamba.

Tulikuwa na mzee mmoja kwenye kikao, mhudumu wa afya wa kijiji wa siku nyingi, mtu anayeheshimika na anayestahili kuheshimiwa. Alitoa mfukoni ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, akauweka mezani.

"Sista, huu mpira umeokoa watu. Wewe ulikuwa bado unasoma."

"Mzee wangu, kwamba walipona sibishi hata kidogo. Naomba tuulizane walipona kwa sababu gani."

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kweli, na ningependa niyaeleze kwa utaratibu, maana anayeambiwa tu "mpira ni mbaya" bila kuelezwa kwa nini yeye mwenyewe ameuona ukifanya kazi, ataondoka na kipeperushi mkononi na mpira mfukoni.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kama milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani. Kati yao, wanaopata sumu mwilini ni kama milioni 1.8 hadi 2.7. Waliobaki ama waliumwa na nyoka asiye na sumu, ama nyoka mwenye sumu aliuma bila kuitoa, jambo ambalo nyoka hulifanya mara nyingi anapouma kwa kujitetea, si kwa kuwinda. Sasa chukua watu kumi walioletwa kwa mzee wetu. Watano au hata zaidi hawana sumu yoyote mwilini. Wafunge mpira, watapona. Wapake samadi, watapona. Waimbie, watapona pia. Tiba yoyote utakayowapa itaondoka na sifa ambayo haikuifanyia kazi. Wale wengine wanaobaki ndio wanaohukumu tiba, na hao wakifa huambiwa walichelewa kuletwa, au kuna mtu aliwaloga.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: "Sawa, wenye sumu je? Si bora ikae chini mguuni kuliko ipande moyoni?"

Jibu linategemea nyoka, na nyoka tunayekutana naye sana mashambani huku ni kifutu. Ni mnene, mfupi, rangi yake inafanana na majani makavu, na hakimbii mtu akikaribia. Hulala palepale akitegemea kutoonekana, jioni ikiingia hupenda kukaa njiani, na ndiyo maana huuma kifundo na shavu la mguu. Sumu yake huharibu mahali ilipoingia: inayeyusha nyama, inatoboa mishipa midogo ya damu, maji ya damu yanavuja na kuvimbisha mguu. Ukiifunga isipande, unailazimisha ikae kwenye nyama ileile inayoiharibu. Juu ya hapo, mpira wenyewe unazuia damu isifike chini. Misuli ikikosa damu kwa kama saa mbili huanza kufa, hata kama hakuna nyoka aliyeuma. Hesabu sasa safari ya kutoka shambani hadi hospitali usiku, uone mguu unafika ukiwa na maradhi mangapi. Viungo vinavyokatwa baada ya kuumwa na nyoka si vyote vimeharibiwa na nyoka.

Na nyoka ambao sumu yao hushika neva, kama swila wa msituni na jamii ya koboko? Hapo mzee alikuwa na hoja kidogo, kwa sababu sumu ya namna hiyo huua kwa kuzima pumzi, si kwa kuozesha mguu. Australia wana mbinu ya kuzungushia kiungo kizima bendeji pana ya kuvutika, kisha kukifunga banzi, nayo ilibuniwa kwa nyoka wao wa aina hiyo. Kijana mmoja wa boda aliiona kwenye simu akataka tuiweke. Tuliiacha. Bendeji yenyewe haipo nyumbani, anayeifunga kwa kanga hawezi kupima nguvu ya kubana, na usiku mtu hajui ni nyoka gani aliyemuuma. Ukikosea ukambana aliyeumwa na kifutu, umeongeza madhara. Kipeperushi kinachosomwa kwa tochi hakiwezi kubeba "ikiwa ni nyoka fulani, fanya hivi". Kinachofaa kwa wote ni kiungo kutulizwa bila kubanwa, na mgonjwa kubebwa badala ya kutembea. Misuli ikifanya kazi inasukuma sumu, ikitulia inaisukuma polepole.

Ili watu waone jambo lenyewe likitendeka, tuliandika kisa cha kubuni. Tulimwita mwanamke wetu Masika, kwa kuwa binti wa kwanza katika nyumba ya Wakonzo huitwa hivyo, na hakuna atakayedhani anasemwa yeye peke yake.

Masika anafunga mzigo wa pamba saa kumi na mbili na nusu jioni. Anakanyaga majani, anahisi kama amechomwa na msumari juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Anapiga hatua chache kumkwepa nyoka, anakaa chini. Hakimbii nyumbani. Kijana wake Baluku anataka kumsaka nyoka kwa panga, mama anamkataza, na hapa tuliandika kwa wino mzito: nyoka anayesakwa ana nafasi ya kumuuma mtu wa pili, na hata kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma kwa muda. Ikiwa anaonekana wazi, piga picha ukiwa mbali. Asipoonekana, hospitali itatibu kwa dalili, haihitaji maiti ya nyoka.

Cha pili ni kuvua. Viatu, bangili, pete ya kidole cha mguu, shanga, na ule uzi wa hirizi ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa kitu. Uzi usiobana saa moja jioni utabana saa mbili bila mtu kuugusa, kwa sababu mguu ndio unaoukuta. Mama mmoja kwenye kikao alisema hawezi kukata hirizi ya mtoto. Tukakubaliana ifunguliwe, ifungwe shingoni au kwenye nguo ya mtoto. Sikuona sababu ya kupigana vita hiyo.

Kisha banzi. Mumewe anachukua mpini wa jembe na ubao, anaviweka pande mbili za mguu kuanzia kisigino hadi juu ya goti, anapasua kitenge vipande vipana kama kiganja, anafunga pajani, chini ya goti na karibu na kifundo, lakini si juu ya jeraha. Kidole kiweze kupita chini ya kila kitambaa. Kila baada ya dakika kumi hivi anabonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu: uwe mweupe, kisha rangi irudi upesi. Rangi ikichelewa au vidole vikipoa, alegeze, maana uvimbe umekaza vitambaa. Mguu ulale sawa na mwili, usitundikwe juu wala kuning'inizwa.

Kuna jambo dogo ambalo sisi wahudumu tunalipenda kuliko familia zinavyodhani. Chukua kalamu, chora mstari mahali uvimbe ulipoishia, andika saa pembeni. Rudia kila nusu saa. Kwa Masika mstari wa kwanza uko inchi chache juu ya kifundo saa moja kasorobo, wa pili uko katikati ya shavu la mguu saa moja na robo. Daktari atakayempokea ataona kwa jicho moja kwamba sumu ipo na inakwenda kasi gani. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoshinda mistari hiyo.

Maumivu ya kifutu ni makali, na mtu akilia kila jirani huleta dawa. Mtu mzima ampe vidonge viwili vya parasetamo vya miligramu 500, basi. Asipewe aspirini wala ibuprofeni, na asikubali ile sindano ya diklofenaki ya dukani, ambayo huku tunaichoma kwa kila maumivu. Dawa hizo zinaweza kuzidisha kutoka damu kwa mtu ambaye sumu imeshavuruga damu yake, na tundu la sindano kwenye tako linaweza kuvujia ndani usiku kucha bila mtu kujua. Maziwa, waragi na mayai mabichi ya kumtapisha tuliyaweka sentensi moja: vinaletwa kwa upendo, na vinaweza kumpalia mtu ambaye koo lake linalegea.

Sasa simu, na hapa nina neno langu la uchungu. Watu hudhani kila kituo cha afya kina dawa ya sumu ya nyoka. Si hivyo. Ni seramu inayotengenezwa kwa damu ya farasi waliodungwa sumu kidogo kidogo, bei yake ni kubwa, aina nyingine zinahitaji friji, na kituo cha ngazi ya pili au ya tatu mara nyingi hakina. Hata hospitali huishiwa. Kwa hiyo mtu mmoja anaandaa usafiri, mwingine anapiga simu na kuuliza swali moja la moja kwa moja: seramu ya nyoka ipo leo? Masika anapumua vizuri, anazungumza, basi anapelekwa moja kwa moja kule ilipo, hata kama anapita mlango wa kituo cha karibu. Angekuwa kope zinaanguka, anaona vitu viwili viwili, mate yanamtoka kwa kushindwa kumeza, shingo haishiki kichwa, uamuzi ungekuwa mwingine: kituo cha karibu zaidi chenye mtu wa kumsaidia kupumua, kisha rufaa. Mgonjwa wa namna hiyo alazwe kwa ubavu njiani, na akiacha kupumua apuliziwe mdomo kwa mdomo bila kuachwa. Anaweza kuonekana amekufa huku anasikia kila neno mnalosema, na neva zikiamka akarudi.

Kutoka shambani hadi barabarani vijana wanne wanambeba kwa machela. Gari la kukodi ndilo bora. Lisipopatikana ni boda, na tuliona ni unafiki kuandika "tumia gari la wagonjwa" kisha tukanyamaza. Masika anakaa katikati, mtu mwenye nguvu nyuma anamkumbatia asianguke akizimia, na kwa kuwa mguu ulionyooka hauwezi kupanda pikipiki, banzi linafungwa upya liishie chini ya goti. Si kamili. Ni bora kuliko kusubiri asubuhi.

Anafika saa mbili na dakika kumi. Uvimbe umefika chini kidogo ya goti. Wanampima presha, kwa sababu maji mengi ya mwilini yameingia mguuni na presha inaweza kushuka. Wanachota damu kama mililita 2, wanaiweka kwenye chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, wanaiacha palepale dakika 20 bila kuitikisa, kisha wanaiinamisha. Ikiwa bado inatiririka kama maji, damu imepoteza uwezo wa kuganda. Kipimo hicho hakitaki umeme wala maabara, ila chupa iwe ya kioo, ya plastiki hudanganya. Seramu inaingizwa kwa dripu, adrenalini ikiwa imeshavutwa kwenye bomba la sindano pembeni, kwa kuwa mwili unaweza kuikataa seramu ghafla na mgonjwa akakosa pumzi. Ndiyo sababu hatukuandika popote kwamba familia inunue seramu iweke nyumbani. Mtoto hupewa kiasi kilekile cha mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpunguzia sumu. Na mguu wa Masika hautanywea usiku ule. Seramu huzuia sumu isiendelee, nyama iliyokwisha kufa haifufui.

Mzee alikuwa na swali moja limebaki, nalo lilistahili sehemu yake kwenye karatasi. "Na nikimkuta mtu ameshafungwa na wengine?"

Kama ni mwanzo kabisa na kamba imelegea kiasi cha kidole kupita, itoe. Lakini kama ni mpira uliokaza, mguu umebadilika rangi na muda umepita, usiukate njiani. Chini ya mpira ule kuna sumu iliyokusanyika na uchafu wa misuli iliyokosa hewa. Ukiufungua kwa mpigo, vyote vinapanda pamoja, na kuna watu waliofika hospitali wakizungumza wakabadilika dakika chache baada ya kamba kukatwa. Kazi yako ni kuongeza mwendo, kuandika saa iliyofungwa kwenye ngozi ya mgonjwa, na kumwambia mhudumu kabla hajashika mkasi. Yeye ataweka dripu kwanza, aandae seramu na vifaa vya kupumulia, ndipo aifungue mbele ya macho yake. Mzee alitikisa kichwa akasema hilo hakuwahi kuelezwa na mtu, na ninaamini ni kweli. Sisi wa hospitalini tunapenda kukemea kamba kuliko kuieleza.

Mambo mengine ya uongo tuliyapa nafasi ndogo. Kuchanja kwa wembe na kunyonya hakutoi sumu ya maana, kunaongeza damu na vijidudu. Jiwe jeusi ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Linanata kwenye jeraha kwa sababu lina vitundu vinavyonyonya unyevu, na watu wakiona limenata wanasema linavuta sumu. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio la panya waliodungwa sumu za nyoka wa Afrika, kifutu na swila mtema mate wakiwemo, na jiwe halikuwasaidia. Kumpiga mgonjwa shoti kwa waya wa plagi ya pikipiki nako kuna asili yake: mwaka 1986 jarida moja kubwa la kitabibu la Uingereza lilichapisha barua kutoka Ekwado iliyosifia shoti za umeme, habari ikazunguka dunia, na majaribio yaliyofuata hayakuona faida yoyote. Barua ilisafiri, majibu hayakusafiri. Kuhusu swila anayetema mate machoni, ni maji mengi safi mara moja, mtu akifumbua kope, kisha hospitali. Mkojo hapana.

Mwanamke mmoja anayetibu kwa mitishamba alikuwa nasi tangu mwanzo, na nilikuwa nikimtazama nikisubiri hasira. Hakukasirika. Alisema watu humjia yeye kwanza kwa kuwa yuko karibu na hadai pesa usiku, basi tumpe kazi inayofaa. Sasa jina la kazi yake limo kwenye kipeperushi: asiweke dawa juu ya jeraha, avue shanga, afunge banzi, aite boda. Sala na maneno yake ya kutuliza aendelee nayo, mgonjwa asiyeogopa hutulia, na kutulia ndiko tunakotaka.

Mkunjo wa mwisho una mistari mitatu mitupu ya kuandikwa kwa penseli: namba ya boda anayekubali kuamshwa usiku, namba ya kituo cha karibu, namba ya hospitali iliyosema ina seramu na tarehe iliyosema hivyo. Penseli, kwa kuwa jibu la mwezi huu si la mwezi ujao. Chini yake kuna agizo kwa yule ambaye hakuvimba, hana maumivu, na anataka kurudi nyumbani kabla ya mvua: akae chini ya uangalizi saa 24 hata hivyo, amshwe usiku, aambiwe afumbue macho na ameze mate, kwa maana sumu inayoshika neva haina haja ya kuvimbisha mguu kwanza.